Laptopu ya kwanza ya mama: anza na kioo

"Mtaalamu, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 72, ni mwalimu mstaafu na anaishi Tanga. Anataka laptopu yake mwenyewe ili aandike hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, asome magazeti, na aongee kwa video na mdogo wangu aliyeko Uingereza. Hajawahi kumiliki kompyuta. Mwaka jana alitolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na vidole vinatetemeka kidogo. Nina shilingi 900,000. Ninunue mpya ya bei ndogo au mtumba mzuri? Na nywila atazikumbuka vipi? – Binti yake, Dar es Salaam."

Dada yangu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nunua mtumba wa ofisini wenye kioo cha inchi 15.6. Mtumba wa ofisini ni zile mashine ambazo makampuni ya nje hununua kwa mamia, yakazitumia miaka mitatu minne, kisha yakaziuza kwa jumla, na sehemu yake ikafika Kariakoo. Ukiingia dukani taja Dell Latitude 5590, Lenovo ThinkPad T580 au HP EliteBook 850 G5. Zote tatu zilitoka mwaka 2018, zote zina kioo cha inchi 15.6, na zilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayefungua na kufunga mashine mara kumi kwa siku.

Mpya ya bei ndogo inavutia kwa sababu ina boksi na waranti. Lakini nyingi za kiwango hicho huja na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi, na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuwekwa. Baada ya masasisho machache nafasi inakwisha, mashine inaanza kutoa ujumbe kwamba haina nafasi, na mtu mgeni wa kompyuta akiona ujumbe huo anajua ameharibu kitu. Bawaba zake nazo mara nyingi zimefungwa kwa skrubu ndogo kwenye plastiki, na ndizo zinazong'oka kwanza. Mtumba wa ofisini wenye RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256 utamtosha mama kwa kazi zote ulizozitaja.

Sasa tuje kwenye macho, maana hapa ndipo wengi wanakosea hata wakinunua mashine nzuri.

Gazeti mtu hulisoma akiwa amelishika kama sentimita 40 kutoka usoni. Laptopu ikiwa mezani, kioo kinakaa sentimita 55 hadi 60. Herufi ikisogea mbali kiasi hicho, machoni inaonekana ndogo kwa theluthi moja. Ili ionekane sawa na ya gazeti, lazima iwe ndefu mara moja na nusu. Chukua rula uniamini: kwenye kioo cha inchi 15.6 chenye pikseli 1920 kwa 1080, herufi ndogo kama "a" kwenye ukurasa wa kawaida wa intaneti, kabla hujakuza chochote, ina kimo cha takribani milimita 1.5. Ukikuza hadi asilimia 150 inafika milimita 2.25. Kwa mtu aliyekaa sentimita 60, hiyo milimita 2.25 ni sawasawa na milimita 1.5 iliyoshikwa mkononi. Kwa maneno mengine, asilimia 150 haijampa mama maandishi makubwa bado. Imemrudisha tu kwenye gazeti lake la kawaida. Maandishi makubwa ya kweli yanaanzia juu ya hapo.

Ndiyo maana nasisitiza inchi 15.6 na si 14. Ukiweka mipangilio ileile kwenye mashine ya inchi 14, herufi ile ya milimita 2.25 inashuka hadi milimita 2. Tofauti inaonekana ndogo ukiisema, lakini kila unapokuza zaidi ili kuifidia, nafasi ya kufanyia kazi inapungua. Kwa asilimia 175, kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 kinabaki na nafasi ya kama pikseli 1097 kwa 617, na hapo baadhi ya madirisha yanaanza kuficha kitufe cha OK chini ya ukingo. Mama atakaa mbele ya dirisha lisilo na pa kubonyeza. Nafasi inatokana na ukubwa wa kioo chenyewe. Wingi wa pikseli unaleta ukali wa herufi, kingo safi zisizo na vumbi.

Ukali huo nao una maana kwake. Baadhi ya mashine za aina hii ziliuzwa pia zikiwa na kioo cha bei nafuu cha pikseli 1366 kwa 768, ambacho mara nyingi kinapauka ukikitazama kutoka juu au pembeni, na herufi zake zina ngazi ngazi kwenye mikunjo. Wauzaji hawakitaji. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye kioo, chagua Display settings, shuka hadi Display resolution. Isipofika 1920 x 1080, mrudishie muuzaji na umwombe nyingine. Kisha simama, utazame kioo kutoka juu kidogo kama mtu aliyekaa wima kwenye kiti kirefu. Kama rangi zimegeuka, hicho si cha mama.

Na miwani. Mtu aliyetolewa mtoto wa jicho amewekewa lenzi ya bandia, na kwa wengi lenzi hiyo imepangwa kuona mbali na haiwezi kujikunja kama ile ya kuzaliwa. Kwa hiyo karibu anategemea miwani. Miwani ya kusomea ya +2.50 inaweka taswira sawasawa sentimita 40, kwa sababu mita moja ukiigawa kwa 2.5 unapata hiyo. Kwenye laptopu iliyo sentimita 60 mtu huyohuyo anahitaji takribani +1.50 au +1.75. Akitumia ya gazeti, herufi zitakuwa na ukungu hata uzikuze vipi, naye atainama mbele hadi mgongo uume. Akitumia miwani ya sehemu mbili, atainua kidevu ili atazame kupitia sehemu ya chini, na shingo italipa. Pima kwa futi kamba umbali kutoka macho yake hadi mahali kioo kitakapokaa, andika namba hiyo kwenye karatasi, mpelekee mpima macho na umwombe miwani ya umbali huo. Nimeona wazee waliokata tamaa na laptopu nzuri kabisa, na kilichokosekana kilikuwa hicho.

Mipangilio yenyewe ya maandishi iko sehemu tatu, na watu huiona kama moja. Ya kwanza ni Settings > System > Display > Scale. Hii inakuza kila kitu: herufi, vitufe, alama za programu. Weka 150%. Ya pili ni Settings > Accessibility > Text size, yenye kitelezi kinachokwenda hadi 225%, na hii inakuza maandishi peke yake bila kula nafasi ya madirisha. Mpandishe mama hadi kama 125%, mwulize, kisha ongeza taratibu. Ya tatu ni kivinjari, maana Chrome ina kipimo chake cha kurasa: Settings > Appearance > Page zoom. Weka 125%, na kwa kuwa inazidishwa na ile 150% ya mwanzo, herufi ya gazeti la mtandaoni inafika karibu milimita 2.8. Hapo sasa ni kubwa kweli.

Usiweke namba hizi wewe ukiwa Dar. Ziweke akiwa amekaa kwenye kiti chake na miwani yake, na usimwulize "unaona?" kwa sababu mama zetu watasema wanaona ili wasitusumbue. Mpe habari ndefu asome kwa sauti. Akianza kurudia mstari au kusogeza kichwa, ongeza.

Kwa vidole vinavyotetemeka, achana na kioo cha kugusa. Muuzaji atakisifia sana, lakini mkono ulionyooshwa hewani unatetemeka zaidi kuliko uliolala mezani, na vioo vingi vya kugusa vinang'aa hadi dirisha la nyuma yake linajitokeza juu ya maandishi. Mnunulie kipanya cha waya, kikubwa cha kujaza kiganja, kisicho na vitufe vya ziada pembeni. Waya ni kwa sababu hakina betri ya kuisha. Kisha ingia Settings > Bluetooth & devices > Mouse upunguze Mouse pointer speed, na Settings > Accessibility > Mouse pointer and touch ukuze kishale na ukipe rangi inayoonekana. Kubonyeza mara mbili haraka ndiko kunakowashinda wenye mtetemo: kipanya kinasogea kati ya bonyezo la kwanza na la pili, na programu haifunguki. Dawa yake ni kuzibandika programu zake nne kwenye ule mstari wa chini ya kioo, ambako bonyezo moja linatosha. Kivinjari, WhatsApp, daftari la hesabu na picha. Nyingine zote ziondoe kwenye mstari huo.

Akibonyeza herufi moja zikatoka tatu, washa Filter keys iliyoko Settings > Accessibility > Keyboard. Inapuuza mibonyezo ya haraka inayojirudia. Usiiwashe kabla hujaona tatizo, kwa sababu inaifanya kibodi ihisi nzito kwa asiyeihitaji.

Dukani kuna mambo manne ya kukagua, na moja kati ya hayo limeniumiza mwenyewe.

Kwanza prosesa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usinunue mashine isiyokubali Windows 11. Kwa Intel Core za familia hii, mpaka ni kizazi cha 8. Tatizo ni kwamba baadhi ya modeli nilizokutajia ziliuzwa pia zikiwa na kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Fungua Settings > System > About usome mstari wa Processor. Unataka namba inayoanza na 8 baada ya kistari, kama i5-8250U au i5-8350U. Ukiona i5-7300U, ni ya kizazi cha 7, hata kama muuzaji ameshaiwekea Windows 11 kwa njia za panya na inaonekana inafanya kazi. Maelezo rasmi ya Windows 11 hayaitambui, na masasisho makubwa yanaweza kuikataa.

Pili umiliki, na hili ndilo lililoniuma. Niliwahi kununua mashine kadhaa kwa jumla, safi, bei nzuri. Niliporudi na kuanza kuziseti upya, mbili zikaniletea ukurasa wenye jina la kampuni ya watu, zikitaka barua pepe ya mfanyakazi wa huko. Kampuni ilikuwa imeziandikisha kwenye usimamizi wake wa mtandaoni na haikuzifuta ilipoziuza. Ukifuta diski na kuweka Windows upya, ukurasa unarudi mara tu mashine inapopata intaneti, kwa sababu usajili uko kwenye seva, umefungwa na bodi. Kwa macho huwezi kuligundua. Mwambie muuzaji, kabla hujalipa, aingie Settings > System > Recovery > Reset this PC mbele yako, kisha mashine ikianza kuuliza nchi na lugha uiunganishe na intaneti ya simu yako. Ikikuletea ukurasa wa kawaida wa kufungua akaunti, ni yako. Ikikutajia jina la kampuni, ondoka. Kazi hii inachukua hadi saa nzima, kwa hiyo nenda asubuhi, si jioni maduka yanapofungwa.

Ukiwa hapohapo, izime na uiwashe tena ukigonga F2 kwa Dell, F1 kwa Lenovo au F10 kwa HP. Ukiulizwa nywila ya kuingia humo ambayo muuzaji haijui, usiichukue.

Tatu bawaba na mwili. Fungua kioo nusu, uachie. Kibaki palepale. Kisha shika kona moja ya kioo, fungua taratibu, sikiliza. Mlio wa kukatika au kingo za fremu zinazoachana karibu na bawaba ni dalili kwamba skrubu zimeng'oka ndani. Bonyeza kila kitufe cha kibodi mara moja kwenye ukurasa mtupu. Kwenye mitumba, kinachokufa mara nyingi ni safu ya vitufe jirani, alama ya kitu kilichowahi kumwagika. Kibodi nyingi za daraja hili zinastahimili kumwagikiwa kidogo, lakini chai ya maziwa yenye sukari ni habari nyingine. Ikitokea kwa mama, achomoe chaja, abonyeze kitufe cha kuwashia hadi mashine izime, aipindue kifudifudi juu ya taulo, kisha akupigie. Asijaribu kuiwasha kuona kama bado nzima. Maji peke yake mara nyingi hayaui bodi. Maji pamoja na umeme ndiyo yanaiua.

Nne betri. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakutajia mahali ilipohifadhi faili liitwalo battery-report.html. Lifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao. Tuseme umeshika Latitude 5590 yenye betri kubwa na unasoma 68,000 mWh juu na 42,000 mWh chini. Gawanya: ni asilimia 62. Kwa mama atakayekaa mezani karibu na soketi, hiyo inatosha, itambeba wakati wa katizo fupi la umeme. Chini ya asilimia 50 omba punguzo la kununulia betri nyingine. Na ukiona namba hizo mbili zinalingana kabisa kwenye mashine ya mwaka 2018, uliza betri ilibadilishwa lini na kwa ipi, maana betri za kuiga mara nyingi huandika namba nzuri kuliko zinavyofanya kazi.

Chaja ijaribu pale pale kwa dakika kumi huku ukitikisa kidogo waya kwenye mlango wake. Ikikatakata kuchaji, mlango umelegea.

Tuje kwenye kuingia. Watu wengi hufikiria alama ya kidole ndiyo rahisi kwa mzee. Mama ameshika chaki maisha yake yote, na pengine jembe na vyombo vya moto pia. Ngozi ya vidole vya uzeeni inakuwa kavu na mistari yake imesagika, na kisomeo kidogo cha laptopu kinaikataa. Unakumbuka usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, wazee walivyokuwa wakifuta kidole na kanga na kukiweka tena na tena. Kama mashine ina kisomeo, sajili kidole gumba na cha shahada kama msaada, lakini njia kuu iwe namba ya siri, ile Windows inayoiita PIN. Mama ameshaizoea dhana hiyo kwenye pesa za simu: namba fupi, huandiki barua pepe wala herufi kubwa na ndogo.

Iweke kupitia Settings > Accounts > Sign-in options > PIN (Windows Hello). Namba hii inafungua mashine hii peke yake. Mtu akiichungulia begani hawezi kuitumia kuingia kwenye barua pepe ya mama akiwa kwingine, na ndiyo sababu naipenda kuliko nywila fupi. Masharti yangu ni mawili. Isiwe ile ya pesa zake za simu, maana ya laptopu itajulikana na wajukuu. Na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mwachie achague mwenyewe namba ya zamani iliyomkaa kichwani, kama namba ya nyumba ya kwanza aliyopanga akianza kazi.

Mwonye jambo moja kabla halijamtisha. Akikosea namba mara kadhaa mfululizo, Windows inamtaka kwanza aandike A1B2C3 ndipo ijaribu tena. Haijamfungia, inataka kujua kama ni mtu anayebonyeza au kitu kimekandamiza vitufe. Mwandikie kwenye kadi: "Ikiuliza A1B2C3, andika hivyo hivyo, kisha weka namba yako polepole."

Wapo wanaoondoa namba kabisa ili mzee afungue tu na kuanza. Siungi mkono. Humo kuna hesabu za pesa za wanakikundi, na namba anayoiandika kila asubuhi haisahauliki. Inayosahaulika ni ile inayoulizwa mara moja kwa miezi mitatu. Ndiyo maana pia nywila ndefu ya akaunti ya Microsoft hupaswi kumbebesha yeye. Fungua akaunti kwa jina lake, weka simu yako kama namba ya kurejeshea, andika nywila kwenye daftari linalokaa pamoja na hati zake muhimu, si ndani ya begi la laptopu.

Kwa akaunti hiyo, na pia kwa yako kama ndiyo uliyosetia mashine, fungua aka.ms/myrecoverykey uone kama kuna ufunguo wa tarakimu 48. Windows 11 za karibuni mara nyingi zinafunga diski kwa usimbaji zenyewe mtu anapoingia na akaunti ya Microsoft, bila kuuliza. Siku fundi atakapobadilisha bodi, na wakati mwingine hata baada ya sasisho la ndani ya mashine, kioo kitakuwa cha bluu na kitadai tarakimu hizo. Asiyekuwa nazo anapoteza kila kilichomo. Uchapishe ufunguo, nakala moja kwenye lile daftari, nyingine kwako.

Kwenye mashine tengeneza akaunti mbili. Yako iwe Administrator, ya mama iwe Standard User, kupitia Settings > Accounts > Other users. Yake itafanya kila kitu anachohitaji, lakini programu inayotaka kubadilisha mfumo itaomba nywila ambayo yeye hana. Hii ndiyo kinga kubwa kuliko zote dhidi ya kurasa zinazopiga king'ora na kusema kompyuta ina virusi, piga namba hii. Wanaozitengeneza ni ndugu wa wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mfundishe kwamba ukurasa ukipiga kelele, anafunga kioo cha laptopu na kukupigia wewe. Kufunga kioo anaweza hata akiwa na hofu.

Wewe ukiwa Dar utamsaidia kwa Quick Assist, ambayo kwa kawaida imo ndani ya Windows 11. Anabonyeza Ctrl, kitufe cha Windows na Q kwa pamoja. Kwa mwenye mtetemo vitufe vitatu ni vingi, kwa hiyo ibandike kama alama ya tano kwenye ule mstari wa chini, mwishoni kabisa. Wewe unaifungua kwako, unaingia kwa akaunti yako ya Microsoft, unapata msimbo mfupi na kumsomea kwenye simu. Anauandika, anakubali, na unaona kioo chake. Ina kikomo kimoja: jambo likihitaji nywila ya Administrator, upande wako kioo kinafichwa na huwezi kuiandika, kwa hiyo kuweka programu mpya kusubiri siku utakapokwenda Tanga. Na mkubaliane kwamba alama hiyo hafungui kwa mtu mwingine yeyote, hata akijitambulisha kuwa wa benki, mpaka asikie sauti yako mwenyewe na umjibu swali la nyumbani analolijua yeye.

Mashine hizi zina uzito wa karibu kilo 2, kwa hiyo ipatie meza yake na isihamehame. Iweke ubavuni mwa dirisha, mwanga usitoke nyuma yake wala mbele. Waya wa chaja upite nyuma ya meza, upande asiopita, maana mashine nyingi za wazee zinazoletwa kwangu zimevunjika kwa mguu kunasa waya na si kwa uchakavu. Soketi iwe ya kuzuia mshtuko wa umeme. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, akimaliza aifunike kwa kitambaa kikavu, na asiifunike ikiwa bado inachaji.

Siku ya kwanza usimfundishe kuzima. Ingia Control Panel > Power Options > Choose what closing the lid does, hakikisha ni Sleep, na mwambie akimaliza afunge kioo tu. Halafu mkalishe, ukae upande wake wa kushoto mikono yako ikiwa mapajani, mpigie mdogo wako Uingereza awe tayari, na mwache mama aandike namba yake, abonyeze alama ya kijani, apige simu mwenyewe. Itachukua dakika ishirini. Kipanya usikishike.